Kipande cha Bawa Kilichofika Kojani



Mwezi Juni mwaka 2016, wakazi wa Kojani, kile kisiwa cha wavuvi kilichojibana upande wa mashariki wa Pemba, walikuta ufukweni kipande kikubwa cha kitu ambacho hakikutoka kwenye jahazi wala boti yoyote waliyoijua. Kipande kile kilipelekwa Australia kuchunguzwa. Kufikia Septemba mwaka huohuo, wataalamu walikuwa wameisoma mihuri na namba za kiwandani zilizosalia ndani yake, wakathibitisha kwamba ni sehemu ya bawa la ndege ya Malaysia, safari namba MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239.

Leo sizungumzii ndege. Waliofiwa bado wanasubiri majibu, na mimi sina la kuwaongezea. Ninachotaka tukitazame ni safari ya kile kipande. Wachunguzi wanaamini kwamba ndege ile iliangukia kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, upande wa magharibi wa Australia. Kutoka huko hadi Kojani ni zaidi ya kilomita 5,000 za maji matupu. Kipande hakikuwa na tanga, hakikuwa na mashine, na hakuna aliyekivuta. Kilichukua muda wa miezi 27 kikaja kulala mchangani Pemba. Vipande vingine vya ndege hiyohiyo viliokotwa Réunion, Msumbiji na Madagaska. Sasa jiulize: kama bahari iliweza kukileta kipande cha bawa, ni vitu gani vingine inavibeba kila siku kwa njia hiyohiyo, bila mtu kuvisomea namba?

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko sisi. Mwaka 1883 volkano ya Krakatau ililipuka kule Indonesia, na yale mawe yake mepesi yenye vitundu yakaelea baharini hadi yakafika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo maji yanafanya kazi yaliyoizoea tangu zamani. Mzigo ndio uliobadilika.

Ngoja nieleze maji yanavyozunguka, maana mengine yote yanategemea hapo. Kila anayeishi pwani anaujua upepo wa kusi. Huko mbali, katikati ya bahari, chini ya Ikweta, upepo huo una mama yake: upepo unaovuma karibu mwaka mzima kutoka kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi. Ukishuka kusini zaidi, kwenye latitudo ya 40 na kuendelea, unakutana na upepo mwingine mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Pepo hizi mbili zinaelekea pande tofauti, na kati yao kuna eneo kubwa la bahari iliyotulia.

Mtu angedhani kwamba maji hufuata tu upepo unakokwenda. Hayafuati hivyo. Mvumbuzi wa Kinorwe, Fridtjof Nansen, alipoiacha meli yake igande kwenye barafu ya kaskazini ya dunia kuanzia mwaka 1893, aliona kwamba barafu haiendi moja kwa moja na upepo, inakengeuka kuelekea kulia kwake. Kijana wa Kiswidi aitwaye Ekman alipiga hesabu zake akaonyesha sababu: dunia inazunguka, na mzunguko huo unayapinda maji yanayosukumwa. Kaskazini mwa Ikweta yanapinda kulia. Kwetu kusini yanapinda kushoto. Ukijumlisha tabaka lote la juu la bahari linaloguswa na nguvu ya upepo, maji yanaishia kusogea kwa kuukata upepo, karibu pembe mraba.

Simama sasa kwa mawazo yako ukiwa umeupa mgongo ule upepo wa kusini-mashariki. Uso wako unatazama kaskazini-magharibi, na mkono wako wa kushoto unaelekea kusini-magharibi. Huko ndiko maji yanakosukumwa. Halafu nenda kusini, uupe mgongo ule upepo wa magharibi. Unatazama mashariki, na kushoto kwako ni kaskazini. Umeona? Pepo mbili, moja kaskazini na nyingine kusini, zote zinasukuma maji ya juu kuelekea palepale katikati. Yanarundikana kidogo, yanafanya kilima cha maji ambacho jicho haliwezi kukiona kwa sababu urefu wake haufiki hata mita moja na kimetandaa maelfu ya kilomita. Kukizunguka kilima hicho mikondo inatembea kama ng'ombe wa kinu: magharibi kupita kaskazini ya Madagaska, kusini kufuata pwani ya Msumbiji na Afrika Kusini, kisha mashariki kurudi kuelekea Australia. Hilo ndilo duara kuu la mikondo. Duniani yako matano ya namna hii: mawili Pasifiki, mawili Atlantiki, na hili letu moja.

Maji yaliyorundikana katikati hayana pa kwenda ila chini, kwa hiyo yanazama, polepole sana, sentimita chache kwa siku. Kitu kinachoelea hakiwezi kuyafuata. Maji yanakuja na mzigo, maji yanashuka, mzigo unabaki juu. Hapo ndipo plastiki inapokusanyika, na hakuna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Lakini plastiki zote haziendi safari hii. Kama uko nyumbani na ndoo ya maji, jaribu. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, ivue kizibo, ijaze maji, iachie ndani ya ndoo. Itazama. Tupa kizibo chake. Kitaelea. Vimetoka duka moja, lakini plastiki ya chupa ni nzito kuliko maji na ya kizibo ni nyepesi kuliko maji. Chupa iliyofungwa inaelea kwa sababu ya hewa. Siku kizibo kinapotoka au ubavu unapopasuka, inajaa na kushuka chini, mara nyingi si mbali na pwani ilikotoka. Kizibo kinaendelea na safari peke yake, miaka na miaka. Ukitembea kwenye ufukwe unaotazama bahari kuu, hesabu vizibo na hesabu chupa, utaona hesabu hizo mbili haziko sawa.

Na vinavyoelea navyo vinatofautiana. Kitu kinachoinua mgongo juu ya maji, kama mpira, dumu au ndala, kinashikwa na upepo na kwenda haraka, mwisho kinatupwa ufukweni. Wataalamu wa Australia walipotaka kujua MH370 iliangukia wapi, walichukua sehemu ya bawa kama ile iliyoonekana Réunion, wakaiachia baharini pamoja na vifaa vya kupimia. Wakagundua kwamba bawa la kweli linakimbia kuliko walivyokisia, tena linakwenda upande, kama digrii 20 kushoto kwa upepo. Umbo la kitu ndilo linaloamua njia yake. Wavu uliolowa na kujikunja, au kipande kidogo cha plastiki kilicholala sambamba na uso wa maji, upepo haukipati. Hicho ndicho kinachobakia kuzunguka.

Pengine umesikia habari za kisiwa cha takataka kule Pasifiki. Hakuna kisiwa, na neno hilo limewapotosha wengi. Nahodha Charles Moore, aliyepita pale mwaka 1997 akirudi California kutoka Hawaii baada ya mashindano ya mashua, alisimulia kwamba kila alipotazama maji siku baada ya siku aliona plastiki: kizibo hapa, kipande pale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria eneo lile kuwa kilomita za mraba milioni 1.6, likiwa na tani zipatazo 79,000 za plastiki. Ukiziunganisha Tanzania na Kenya hujalifikia eneo hilo. Sasa gawanya: unapata kama kilo 50 kwa kila kilomita ya mraba. Ni mfuko mmoja wa saruji, umetwangwa na kutawanywa kwenye eneo la kilomita moja kwa kilomita moja. Unaweza kupita juu yake na meli usione kitu. Karibu nusu ya uzito ule ni nyavu za uvuvi, ilhali kwa idadi, zaidi ya vipande tisa katika kila kumi ni vile vidogo vilivyokatika kwa jua, chini ya ukubwa wa punje ya mchele.

La kwetu, la Bahari ya Hindi, limetawanyika zaidi kuliko lile la Pasifiki. Duara letu linavuja. Sehemu ya maji yake inapita rasi ya Afrika Kusini na kuingia Atlantiki. Na kaskazini mwa Ikweta hatuna duara la kudumu hata kidogo, kwa sababu kaskazi na kusi zinapokezana na kuigeuza mikondo ya Somalia na Arabuni kila mwaka. Kwa hiyo takataka za huku haziachwi zitulie katikati. Zinarushwa ufukweni.

Ndiyo maana kisiwa cha Aldabra, huko Shelisheli, kipo kwenye hali ya kusikitisha. Hakuna mji pale, kuna kituo cha watafiti tu na kobe wakubwa karibu laki moja, na pwani yake ni mojawapo ya mahali muhimu ambako kasa huzalia katika ukanda wetu. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walifanya kazi ya kusafisha kwa wiki tano juani. Walikusanya tani 25. Sehemu kubwa mno ya uzito, asilimia 83, ilikuwa vifaa vya uvuvi: nyavu, kamba, vyelezo. Baada yake zilifuata ndala. Watafiti walikadiria kwamba zilizobaki kisiwani ni zaidi ya tani 500, zikiwemo ndala zipatazo 360,000. Mbele ya mamia hayo ya tani, zile 25 zilikuwa mwanzo tu wa kazi. Na walipopiga hesabu ya njia ambazo takataka zinaweza kufuata, wataalamu waliona kwamba nyingi zinatoka Indonesia, India na Sri Lanka, na kwenye meli za uvuvi zenyewe. Zinavuka bahari nzima kwa ule mkondo unaokwenda magharibi, ambao ndio ulioleta lile bawa Kojani.

Sasa nije kwa kasa, maana ndiye aliyenifanya niombe nafasi hii ya kuzungumza.

Kitoto cha kasa kinapotoka mchangani kinaenea kiganjani. Kinakimbilia maji na kuogelea bila kupumzika, usiku kucha na mchana, mpaka kikutane na mkondo wa mbali na pwani. Kikiufikia, kinaacha kupigana. Kinachukuliwa. Kwa miaka kadhaa hakionekani tena ufukweni. Kinaishi kwenye bahari kuu, kikielea palepale ambapo mikondo inakutana. Wavuvi wa bahari kuu wanaijua mistari ile: povu, mwani uliong'oka, majani, magogo, na chini yake samaki. Jodari na felusi wanatafutwa pale. Kitoto cha kasa nacho kinapata pale mayai ya samaki, yavuyavu, vikaa vidogo, na kivuli cha kujificha.

Katikati ya duara maji yanazama, hayaleti mbolea kutoka chini, kwa hiyo ni maji safi sana na yenye njaa. Chakula ni haba. Mnyama anayeishi huko hawezi kuchagua. Akiona kinachoelea anakijaribu. Kwa mamilioni ya miaka tabia hiyo ilimwokoa, kwa sababu kila kilichokusanyika kwenye ule mstari kilikuwa chakula au kimebeba chakula. Nguvu ileile inayomwekea kasa chakula mezani ndiyo sasa inayoikusanya plastiki. Hakupotea njia. Amefika hasa pale alipotakiwa kufika.

Tumezoea kusema kasa anadhani mfuko wa nailoni ni yavuyavu. Ni kweli, lakini kuna zaidi ya macho. Plastiki ikikaa baharini wiki chache inavaa utando wa vijidudu na mwani, na wanyama wadogo wa magamba wanaiganda kama wanavyoganda chini ya ngalawa. Inaanza kunuka chakula. Mwaka 2020 watafiti waliwajaribu kasa 15 wadogo waliolelewa kwenye matangi. Waliwapulizia harufu ya chakula, harufu ya maji, harufu ya plastiki safi, na harufu ya plastiki iliyokaa baharini. Kwa plastiki safi kasa hawakushughulika, kama walivyofanya kwa maji matupu. Kwa ile iliyokaa baharini walitoa pua nje ya maji na kunusa kwa muda mrefu, sawasawa na walivyofanya walipopewa harufu ya chakula.

Akishameza, kurudisha hawezi. Ukilipasua koo la kasa, ndani yake utaona limejaa miiba mirefu kama kidole cha mtoto, yote imeelekea tumboni. Kazi yake ni kushikilia chakula huku kasa akiyatema maji ya chumvi aliyoyameza nacho. Ni koo la kwenda upande mmoja. Kizibo kikipita miiba ile, njia yake ni moja tu, mita kadhaa za utumbo, na kikipata kona kinakwama. Nyuma yake chakula kinaoza na kutoa gesi, na kasa anaanza kuelea upande mmoja bila kuweza kuzama. Huyo hawezi kula, hawezi kukimbia boti. Kwa kasa mdogo haihitajiki plastiki nyingi. Uchunguzi uliofanywa Brazili ulionyesha kwamba nusu gramu, pungufu ya uzito wa sarafu, inatosha kuuziba utumbo.

Lakini tuwe waangalifu. Kukuta plastiki ndani ya kasa aliyekufa hakuthibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyomuua. Wengi wanayo na walikufa kwa wavu au kwa rafadha ya boti. Watafiti wa Australia walilitatua hili kwa njia ninayoiheshimu. Walikusanya kumbukumbu za kasa karibu 1,000 waliokufa na kuwatenganisha. Kuna ambao chanzo cha kifo kilijulikana wazi kuwa kingine, kwa mfano waliozama ndani ya nyavu. Hao waliwapa kiasi cha plastiki ambacho kasa wa kawaida anakuwa nacho. Na kuna ambao utumbo ulikutwa umezibwa au umetobolewa na plastiki. Kwa kulinganisha makundi hayo walipata makadirio: kasa aliyemeza kipande kimoja ana uwezekano wa takriban asilimia 22 wa kufa kwa sababu yake, akifikisha vipande 14, ni nusu kwa nusu. Haya ni makadirio, yanategemea ukubwa wa kasa na aina ya plastiki. Lakini vipande 14 unaweza kuvifumbata kwenye ngumi moja.

Na kwenye bahari yetu? Kisiwani Réunion kipo kituo cha kasa kiitwacho Kélonia. Wavuvi wanaotumia mishipi mirefu yenye ndoana nyingi hunasa duvi bila kukusudia, yule kasa mwenye kichwa kikubwa, na kwa miaka wamekuwa wakiwapeleka pale, wazima na wafu. Waliokufa walipasuliwa. Waliokuwa hai waliwekwa kwenye matangi, na wahudumu wakawa wanachuja kinyesi chao siku baada ya siku, kazi ambayo wengi tusingeiweza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: kati ya duvi 74, zaidi ya nusu walikuwa wamemeza takataka, na takataka hizo karibu zote zilikuwa plastiki. Hawa hawakuwa kasa walioonekana wagonjwa ufukweni. Walikuwa wamefuata chambo, wakiwa na nguvu za kutosha kuvamia ndoana.

Duvi wale walikuwa bado vijana, na hawakuzaliwa Réunion. Kituo kiliwafunga baadhi yao vipimo vinavyowasiliana na setilaiti, kikawaachia baharini. Wengi waligeuka kaskazini. Walivuka Ikweta wakapita mbali mashariki ya Kenya na Somalia, wakaendelea hadi Omani, ambako kisiwa cha Masira ni mojawapo ya mazalio makubwa ya duvi duniani. Ndipo ilipoeleweka kwamba vitoto vinavyotoka kwenye mchanga wa Omani vinashuka hadi ndani ya duara la kusini, vinakaa huko miaka vikikua kwa kula kinachoelea, kisha vinarudi kwao vikiwa wakubwa, kila mmoja na alichokibeba tumboni.